Damu Isingoje Siku ya Msiba

Sisi tunaojitolea zahanatini hapa Mzinga, chini ya milima ya Uluguru, tumetakiwa kutunga maneno ya filamu fupi ya kuwaalika watu kuchangia damu. Tumeona vyema tuyatoe hapa pia, ili wazazi wayazungumze nyumbani pamoja na vijana wao.

Neno tulisikialo zaidi ni hili: "Nitatoa damu siku atakapougua mtu wangu." Basi na tutazame. Mama amejifungua usiku, na damu yamtoka kwa wingi. Mumewe afika mbio na kunyosha mkono. Lakini mke ni wa kundi O na mume ni wa kundi B. Damu yake haimfai. Na hata lau ingalimfaa, ni lazima kwanza ipimwe virusi vya Ukimwi, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende. Vipimo hivyo vyataka muda, na mama huyo hana muda. Kitakachomwokoa ni damu iliyokwisha kupimwa, imo ndani ya friji. Nayo haidumu humo zaidi ya siku 35 hivi. Kwa hiyo haitoshi kuchangia mara moja tu.

Ni nani awezaye kutoa? Ni mwenye afya njema, wa umri wa miaka 18 hadi 65, na uzito usiopungua kilo 50. Mwenye mimba, anyonyeshaye na mwenye homa wangoje. Kwanza hutobolewa kidole ili ijulikane kama wekundu wa damu watosha. Usipotosha, hurudishwa nyumbani bila ya aibu.

Wako waogopao kuishiwa na damu. Mtu mzima ana lita 5 hivi, naye hutolewa mililita 450, chini ya sehemu moja ya kumi. Maji ya damu hurudi kwa siku moja au mbili, lakini chembe nyekundu hutaka majuma kadhaa. Ndiyo sababu mwanamume hungoja miezi 3, na mwanamke, kwa ajili ya hedhi, miezi 4. Wengine huogopa sindano. Hiyo ni mpya, hufunguliwa mbele ya macho yako, na haitumiwi tena. Ukiona kizunguzungu, sema mara moja; utalazwa na kuinuliwa miguu.

Wauliza pia: je, damu si haramu? Iliyoharamishwa ni kuila. Ama kumtia mgonjwa kwa dharura, wanazuoni wengi wa zama zetu wameruhusu. Na aliyefunga? Wanazuoni wamehitilafiana, kama walivyohitilafiana katika kuumika. Basi mfungaji na aje baada ya kufuturu, ameshakula na kunywa maji ya kutosha. Hivyo saumu yake itasalimika, na friji haitakuwa tupu mwezi wa Ramadhani.