Bawa Lianzie Mgongoni

Kadi nyingi za mwaliko wa besidei zinazomwonyesha mtoto mwenye mabawa ya kichimbakazi huharibika mahali pamoja: pale bawa linapokutana na gauni. Bawa lenyewe huwa zuri, linang'aa na lina mishipa, ila limebandikwa tu nyuma ya mtoto. Fundi wa picha anayeijua kazi huhangaika zaidi na shina la bawa.

Tuchukue msichana wa miaka sita mwenye gauni la manjano, aliyegeuka upande kiasi cha kuonyesha bega la kushoto na sehemu ya mgongo. Angetazama kamera moja kwa moja, mabawa yote mawili yangekaa nyuma yake na kazi ingekwisha mapema. Kwa mkao huu, fundi anayetumia Photoshop humkata mtoto na kumweka kwenye tabaka lake peke yake. Bawa la mbali huwekwa chini ya tabaka hilo na kubanwa liwe jembamba kidogo. La karibu huwekwa juu.

Shina la bawa huanzia kati ya uti wa mgongo na kombe la bega. Likipanda hadi begani, mtoto huonekana amebeba mkoba. Nywele zilizoangukia mgongoni nazo lazima zipite juu ya bawa, kwa hiyo fundi huongeza Layer Mask kwenye bawa na kulifuta taratibu kwa brashi nyeusi mpaka nywele zijitokeze.

Kinachofuata ni kivuli, na hapa wengi hukosea kwa kutumia rangi nyeusi. Kivuli juu ya kitambaa cha manjano huelekea kahawia. Fundi huichota rangi hiyo kwenye mkunjo wa gauni lenyewe, akaipaka kwenye tabaka la Multiply lililo kati ya mtoto na bawa: nzito kabisa shinani, ikififia upande usiopata mwanga. Kisha kwa Liquify huvuta kitambaa kidogo kuelekea shina, kipate mikunjo miwili mitatu, maana nguo iliyotobolewa na kitu haibaki imenyooka.

Mabawa yaliyopigwa picha kwenye weusi huwekewa Screen, na weusi wote hupotea. Lakini Screen huongeza mwanga tu. Nyuma ya mtoto kukiwa na ukuta mweupe, bawa nalo hutoweka. Ukuta hutiwa giza kwanza, au bawa likatwe na kuachwa kwenye Normal. Hata Screen ikifaa, fundi hunakili kipande cha shina na kukiweka kwenye Normal, kwa sababu utando wa bawa unaweza kuonyesha gauni kwa ndani, lakini shina halipaswi.

Kabla ya kutuma, picha hugeuzwa kwa Flip Horizontal. Jicho lililokwisha kuizoea huishtukia upya, na bawa lililopinda huonekana papo hapo.