Nusumaisha Husomwa kwa Nyakati Mbili

Iodini-131, ambayo hospitali hutumia kutibu maradhi ya tezi ya shingo, hubaki nusu kila baada ya siku 8 hivi. Muda huo ndio nusumaisha yake. Tuseme kifaa cha kupimia mnururisho kinahesabu mapigo 640 kwa dakika siku ya 0. Siku ya 8 yatakuwa 320, siku ya 16 yatakuwa 160, na siku ya 24 yatakuwa 80. Mwanafunzi akichora grafu kwa mkono, mstari hushuka kwa kasi mwanzoni, kisha hulala polepole.

Makosa mengi hutokea wakati wa kusoma grafu hiyo. Mwanafunzi anaanzia siku ya 4, penye mapigo kama 450. Anatafuta nusu yake, 225, anateremsha mstari hadi kwenye mhimili wa muda na kukuta siku ya 12. Anaandika kwamba nusumaisha ni siku 12. Nukta aliyoipata ni sahihi, ila amesahau kutoa siku 4 alizoanzia: 12 toa 4 ni 8. Mwenzake naye anaanzia siku hiyohiyo ya 4, lakini anatafuta 320, yaani nusu ya mapigo ya siku ya 0. Anaikuta siku ya 8, anatoa 4, na kupata jibu la siku 4. Yeye ametoa vizuri, ila nusu aliyoitafuta si ya pale alipoanzia.

Njia ya kuhakiki ni kusoma mara tatu kutoka sehemu tofauti za grafu: toka 640 hadi 320, toka 450 hadi 225, toka 320 hadi 160. Majibu yakipishana kidogo huku na huku, huo ni mtetemeko wa penseli, na wastani wake unatosha.

Yakizidi kurefuka kadiri unavyoshuka, shuku mnururisho wa mazingira. Kama kifaa kinahesabu mapigo 40 hata bila iodini, siku ya 0 kitaonyesha 680. Asiyeyatoa atasoma karibu siku 8.7 kutoka 680 hadi 340, kisha karibu 9.7 kutoka 340 hadi 170. Dawa ni kupunguza 40 katika kila kipimo kabla ya kuchora.

Lipo kosa moja ambalo usomaji wa mara tatu hauligundui. Kama kila mraba mdogo ni siku 2, nawe ukauhesabu kuwa siku 1, majibu yote yatakubaliana kwenye 4. Hapo rudi kwenye jedwali la vipimo: kipimo cha siku ya 16 kiwe juu ya siku ya 16 kwenye mhimili. Kikionekana kwenye 8, kipimio cha mhimili ndicho kilichosomwa vibaya.