Kosa dogo la klorini hukua kila unapozimua

Kipindupindu kikizuka tu, maswali ya wasomaji huwa ni yale yale: kwenye ndoo ya lita 20 ya kunawia mikono nitie vifuniko vingapi vya dawa ya madoa? Wapo wanaotia viwili, wapo wanaokadiria kwa jicho, na wapo wanaonusa. Kifuniko si kipimo, maana kila chupa ina kifuniko cha ukubwa wake. Pua nayo haipimi klorini. Harufu kali mara nyingi hutoka pale klorini inapokutana na uchafu, yaani nguvu yake imeshaanza kuliwa.

Jibu linapatikana kwa hesabu ya mstari mmoja:

C1 × V1 = C2 × V2

Ukolezi wa dawa ya chupani mara ujazo utakaochota ni sawa na ukolezi unaoutaka mara ujazo wa ndoo nzima. Sababu ni nyepesi: maji unayoongeza hayaongezi klorini wala hayaipunguzi, yanaitawanya tu. Tuseme chupa imeandikwa asilimia 3.5, nawe unataka maji ya kunawia ya asilimia 0.05. Gawa 3.5 kwa 0.05 upate 70. Dawa inatakiwa kuzimuliwa mara 70, kwa hiyo mililita 20,000 za ndoo ukizigawa kwa 70 unapata mililita 286. Hizo ndizo unazopima kwa jagi lenye alama, kisha unajaza maji mpaka mstari wa lita 20.

Maabara hawaendi kwa asilimia, wanahesabu molekuli. Mol moja ni molekuli 6.022 × 10²³, na mol moja ya hipokloriti ya sodiamu, ndiyo dawa yenyewe iliyomo chupani, ina uzito wa gramu 74.5 hivi. Asilimia 3.5 ni gramu 35 katika lita; gawa kwa 74.5, unapata mol 0.47 kwa lita. Hiyo ndiyo molariti ya chupa. Maji ya kunawia yana gramu 0.5 kwa lita, sawa na mol 0.0067. Gawa 0.47 kwa 0.0067 na ile 70 inarudi. Kipimo chochote kinafaa, mradi pande zote mbili za hesabu zitumie kimoja.

Sasa tuje kwenye kosa ninalolisikia kila mahali, hata kwa watu waliosoma. Ukiwaambia wazimue moja kwa kumi, wanachukua kikombe kimoja cha dawa na kuongeza vikombe kumi vya maji. Hapo wameshapata vikombe kumi na kimoja. Moja kwa kumi ni kikombe kimoja cha dawa na tisa vya maji, jumla kumi. Utasema tofauti ya kikombe kimoja ni ndogo. Kwa hatua moja, ndiyo, ni kama asilimia 9. Shida huanza pale hatua zinapofuatana.

Chukua kambi ya wagonjwa ambako dawa hutengenezwa kwa ngazi. Kwanza ya asilimia 0.5 kwa sehemu zilizochafuliwa, kisha kutoka hiyo inatengenezwa ya asilimia 0.05 ya kunawia. Ngazi ya kwanza ni kuzimua mara saba, yaani kikombe kimoja na sita vya maji. Mchanganyaji wetu anatia saba, akapata asilimia 0.44. Ngazi ya pili anatia kumi badala ya tisa, akaishia 0.04. Maji ya mikono yameshapoteza moja ya tano ya nguvu yake. Na hapo tumekubali kwamba chupa ina 3.5 kweli. Hipokloriti huoza yenyewe, hasa ikikaa kwenye joto na mwanga, na chupa iliyoanikwa juani dukani inaweza kuwa imeshuka mpaka 2.5 bila lebo kubadilika. Rudia hesabu ukianzia na 2.5, unaishia 0.028, zaidi kidogo ya nusu ya ulichokusudia. Makosa haya hayajumlishwi, yanazidishana. Kila ngazi inapokea upungufu wa ngazi iliyotangulia kama kwamba ni kipimo halali, kisha inaongeza wa kwake.

Wataalamu wa maabara wanalijua hili vizuri, kwa kuwa wao hawana njia ya kukwepa ngazi. Ukitaka kuhesabu bakteria katika maji machafu, huenda ukahitaji kuzimua mara milioni moja. Kwa mkupuo mmoja ungehitaji mililita moja ya sampuli katika lita 1,000. Kwa hiyo wanapanga mirija sita yenye mililita 9 za maji safi kila mmoja na kuhamisha mililita 1 kutoka mmoja kwenda mwingine.

Tuseme pipeti yao ina hitilafu na inatoa mililita 0.95 badala ya 1. Kila mrija unapungukiwa asilimia 4.5 hivi, kiasi ambacho hakuna jicho litakalokiona. Baada ya mirija sita, upungufu umefika asilimia 24. Ripoti itasema maji yana robo pungufu ya bakteria waliomo, na hata wakirudia mara kumi watapata jibu lile lile, kwa kuwa pipeti inakosea upande mmoja siku zote. Makosa ya mkono ni afadhali: leo yanazidi, kesho yanapungua, na kwa sehemu yanafutana. Mkono unaoyumba kwa asilimia 5 kila hatua huleta mashaka ya asilimia 12 hivi baada ya hatua sita, wala si 30.

Kosa lingine ni kutumia ncha ile ile ya pipeti kwa mirija yote. Tone la mililita 0.02 lililobaki nje ya ncha kutoka mrija wa kwanza, likiingia wa tatu, lina bakteria wengi kama mililita 0.2 za mrija wa pili. Asilimia 20 ya ziada kwa tone moja! Namna ya kuligundua ni kulinganisha sahani jirani zilizooteshwa bakteria kutoka mirija hiyo. Moja ikiwa na makoloni 210, inayofuata iwe na karibu 21. Ukikuta 48, tilia shaka mkono kabla ya kutilia shaka maji.

Hapa sina budi kuwataja wauzaji wa matone ya homeopathi, wanaodai kwamba dawa ikizimuliwa mara nyingi zaidi ndivyo inavyopata nguvu. Anza na mol moja kwa lita, uzimue mara mia, urudie mara kumi na mbili. Umezimua mara 10²⁴, na molekuli ulizoanza nazo ni 6.022 × 10²³. Kwa wastani haibaki hata molekuli moja katika lita nzima. Wao hutangaza chupa zilizozimuliwa hivyo mara thelathini! Wanauza maji, na mgonjwa anayeharisha anapoteza saa ambazo angepaswa kuwa ameshafika hospitali.

Kwa nyumbani: pima moja kwa moja kutoka kwenye chupa, usipitie ngazi. Angalia tarehe, weka chupa kivulini. Usichanganye na siki wala dawa ya choo yenye asidi, utatoa gesi ya klorini inayounguza mapafu. Ndoo ya leo imwage jioni, utengeneze nyingine kesho.