Mifuko 300 au lori zima?

Tuseme duka la vifaa vya ujenzi mjini Morogoro linauza mifuko 3,600 ya saruji kwa mwaka. Kila agizo linamgharimu mwenye duka shilingi 50,000, achukue mifuko hamsini au mia tano: nauli ya msimamizi, ada za benki, duka kufungwa nusu siku mzigo ukishushwa. Nao mfuko ukikaa stoo mwaka mzima unamla shilingi 4,000, nyingi zikiwa riba ya mkopo. Akiagiza kidogo kidogo, safari zinammaliza. Akijaza stoo, riba inammaliza.

Mwaka 1913 mhandisi Mmarekani, Ford Harris, alichapisha kanuni ya kupata kiasi cha kuagiza chenye gharama ndogo kuliko vyote:

Q = √(2DS/H)

D ni mauzo ya mwaka, S gharama ya agizo moja, H gharama ya kutunza mfuko mmoja kwa mwaka. Kwa duka letu jibu ni mifuko 300, yaani agizo moja kila mwezi. Maagizo 12 yanagharimu 600,000. Stoo, yenye wastani wa mifuko 150, inagharimu 600,000 vilevile. Kulingana huko si bahati. Ndipo jumla inapokuwa ndogo kabisa.

Kanuni hii ina huruma. Ukikosea ukaagiza 600, maradufu ya jibu, gharama inapanda kutoka 1,200,000 hadi 1,500,000 tu, robo yake. Kwa hiyo usikeshe ukitafuta S kamili hadi senti.

Kinachoiangusha ni mambo inayoyachukulia kuwa hayabadiliki: bei ni ileile, wateja huja sawasawa mwaka mzima, mzigo hauchelewi wala hauharibiki. Sasa msambazaji anasema: chukua lori zima, mifuko 600, nikupunguzie shilingi 200 kila mfuko. Kwa mwaka ni 720,000. Ukitoa zile 300,000 za ziada, zinabaki 420,000. Kanuni peke yake isingeliona hilo, na mwenye duka ana haki ya kuipuuza.

Lakini masika yakija mafundi wanasimama, mauzo yanashuka hadi mifuko 150 kwa mwezi. Lori lile sasa linakaa miezi minne, na saruji iliyohifadhiwa kwenye unyevu huanza kupoteza nguvu mapema zaidi ya hapo. Bonyeza kona za mfuko: kama mabonge hayasagiki kwa vidole, hiyo si ya kujengea nguzo. Faida ya punguzo imegeuka mawe.

Afanye hesabu upya kwa msimu huo, D ikiwa 1,800 kwa mwaka. Jibu si nusu ya 300, kwa sababu ya kile kipeuo cha pili. Ni mifuko 212 hivi, mzigo wa wiki sita. Lori zima lisubiri kiangazi.