Pole Kwanza, Kisha Hongera

Barua ya kuwapongeza wahudumu wa simu waliofurikiwa ghafla na malalamiko huwa na uzito pale tu mwandishi wake anapojua siku hiyo ilikuwaje. Asiyejua huandika "asanteni kwa kujituma", maneno ambayo angeweza kuwapelekea madereva au walinzi bila kubadilisha hata moja. Kwa hiyo kabla ya pongezi kuna simu zenyewe.

Mwaka 2024 ulileta mfano mzuri. Mita za umeme wa kulipia kabla, ambazo Watanzania wanaziita luku, hupokea tokeni za tarakimu 20 zinazotengenezwa kwa mfumo mmoja unaotumika katika nchi nyingi. Ndani ya kila tokeni umefichwa wakati ilipotolewa, ukihesabiwa kwa dakika tangu mwanzo wa 1993. Waliobuni mfumo waliitengea hesabu hiyo nafasi ya dakika 16,777,216 tu, yaani karibu miaka 32, na nafasi ikaisha tarehe 24 Novemba 2024. Kabla ya siku hiyo kila mita ilipaswa kupangwa upya. Mteja aliyenunua umeme, Tanzania hata Kenya, akajikuta anatumiwa mafungu matatu ya tarakimu badala ya moja. Mawili ya kwanza yalikuwa ya kupanga mita upya, na la tatu ndilo lililobeba umeme. Aliyeanza na la tatu, mita ilimkatalia. Aliyekuwa ameweka tokeni ya zamani akiba, akaja kuiingiza baada ya mabadiliko, naye alikataliwa, na huyo ndiye mwenye uchungu zaidi kwa sababu alikuwa amefuata maelekezo yote.

Mtu wa namna hii hupiga simu akiwa gizani na pesa yake imekwisha kuondoka. Tuchukue kituo cha kubuni chenye wahudumu 20, ambacho siku za kawaida hupokea simu 160 kwa saa, kila moja ikichukua dakika sita. Mhudumu mmoja huweza simu 10 kwa saa, wote pamoja 200, kwa hiyo kuna nafasi ya kupumua. Sasa simu zinapanda hadi 240. Wengi hudhani tatizo ni zile 40 zilizozidi, kumbe kubwa zaidi ni kwamba kila simu nayo imerefuka. Kumsikiliza mtu akisoma tarakimu 60, akikosea na kurudia, kunaifikisha dakika nane, na uwezo wa kituo kizima unashuka kutoka simu 200 hadi 150. Hata zile 160 za kila siku zisingetosheka. Kila saa simu 90 zinabaki kwenye foleni, na baada ya saa mbili, ikiwa hakuna aliyekata, wa mwisho anakabiliwa na kungoja dakika 72. Kwa kweli wengi hukata, kisha hupiga tena wakiwa na hasira mpya, na dakika ya kwanza ya mazungumzo inaishia kwenye kulalamikia kungoja. Hesabu za foleni za simu zilianzishwa na Mdenmaki A. K. Erlang, aliyechapisha kazi yake ya kwanza juu ya jambo hili mwaka 1909, na bado ndizo zinazotumika kupanga zamu.

Hapo ndipo viongozi wengi hukosea. Jedwali la jioni litaonyesha kwamba muda wa kungoja umepanda, wastani wa simu umerefuka, na idadi aliyohudumia kila mmoja imeshuka. Kwa macho ya jedwali, timu imeharibu kazi. Na mhudumu aliyehudumia wengi kuliko wenzake huenda ndiye aliyewaambia wateja "jaribu tena baada ya muda" na kukata. Kiongozi akimpa huyo zawadi mbele ya wote, wenzake waliopokea simu za wateja walewale waliorudi watajua mara moja kwamba mkubwa hakusikiliza hata simu moja. Kipimo kinachosema kweli siku kama hiyo ni idadi ya wateja waliopiga tena kwa shida ileile ndani ya siku moja, na takribani rekodi 10 zilizosikilizwa kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Katika rekodi hizo subira husikika waziwazi. Mteja anafoka, mhudumu anamwacha amalize. Halafu: "Pole sana, mama. Tuanze upya wote wawili. Nisomee nne za kwanza." Tarakimu zinasomwa nne nne, mhudumu anazirudia, na anangoja mita ikubali fungu la kwanza kabla ya kwenda la pili. Hasemi "umekosea", anasema "mita haijaipokea". Mzee anaamkiwa shikamoo hata kama sekunde 30 zilizopita alitukana. Mwanasosholojia wa Marekani Arlie Hochschild alieleza mwaka 1983 kwamba kuzitawala hisia zako kwa ajili ya mteja ni kazi kamili inayochosha, ingawa haionekani mkononi. Simu ya 50 ya siku huhitaji sauti ileile ya simu ya kwanza, na aliyepiga wa 50 hajui habari za wale 49.

Kiswahili tayari kinao mpangilio wa kusema jambo hili. Aliyetoka kwenye kazi ngumu huambiwa pole kwanza, ndipo hongera ifuate. Barua inayorukia hongera inaficha kwamba watu waliumia, na mara nyingi waliumia kwa sababu ya taarifa ambayo ofisi ilichelewa kuitoa. Barua ya kituo chetu cha kubuni ingeweza kusomeka hivi:

"Poleni kwa Jumatatu. Simu zilifika 240 kwa saa, nanyi mlikuwa 20. Wateja hawakuelezwa mapema kuhusu mafungu matatu ya tarakimu. Kosa hilo ni la ofisi, na lawama zake mlizibeba ninyi. Tumesikiliza simu 10, na katika zote hakuna mteja aliyekatiwa. Zamu ya jioni ndiyo iliyopendekeza tarakimu zisomwe nne nne, na kuanzia leo hayo ni maelekezo ya kituo kizima. Hongereni."

Barua ni fupi, lakini inakiri kosa, inataja kitendo kinachoweza kuthibitishwa, na inageuza ubunifu wa wahudumu kuwa utaratibu. Haiwaambii kwamba wao ni familia, wala haimchagui "shujaa" mmoja katika kazi iliyofanywa na watu 20. Kinachosahaulika kwa urahisi ni watu wa pembeni: fundi aliyebadilisha ujumbe unaosikika mteja anapongoja, zamu ya usiku, na wahudumu walioajiriwa kupitia wakala, ambao hawamo kwenye orodha ya baruapepe ya kampuni na kwa hiyo hawaipati kabisa.

Wakati nao una uzito. Pongezi za ndani ya siku mbili tatu huwakuta watu bado wanazikumbuka sauti za wateja. Za mwisho wa robo mwaka huwakuta wamesahau au wameacha kazi. Huku ni bora zisomwe zamu zinapopokezana, maana ndio wakati pekee makundi mawili huwa chumba kimoja. Saa za ziada zilipwe kwa hesabu yake, kwa kuwa keki inayoletwa badala ya malipo hufanya barua nzima ionekane hila. Nakala ya barua iwekwe kwenye faili la kila mhudumu, pamoja na maelezo ya kwa nini wastani wa dakika zake wa wiki hiyo ulirefuka, ili atakayempima mwishoni mwa mwaka asiuhesabu kuwa uzembe.