Chenji Inayobaki Juu ya Bati

Jirani yangu huku Chanika alinunua paneli ya sola ya wati 250, betri ya volti 12 ya ampia-saa 100, na kontrola ndogo ya PWM aliyoongezewa dukani kwa bei ya chini. Paneli ilikuwa nzima, betri mpya, nyaya zimefungwa vizuri. Hata hivyo kila usiku ilipofika saa tatu televisheni ilizima, na taa zikafuata baada ya muda. Fundi wa kwanza alilaumu betri, wa pili akasema paneli ni feki. Wote wawili walikosea. Umeme wa kutosha ulikuwa unaweza kupatikana palepale juu ya bati, lakini karibu nusu yake haukuwa unashuka.

Jibu lilikuwa kwenye kibandiko cha nyuma ya paneli, ambacho wanunuzi wengi hawakisomi. Paneli ile ina seli 60. Kibandiko kinasema volti zake za kazi, zilizoandikwa Vmp, ni 30.5, na mkondo wake wa kazi, Imp, ni ampia 8.2. Zidisha namba hizo mbili unapata wati 250. Wati ni volti mara ampia, na hesabu hii moja inatosha kueleza kila kitu kinachofuata.

Kontrola hukaa kati ya paneli na betri. Ya PWM kazi yake ni ya swichi. Betri ikiwa na njaa, swichi inafungwa moja kwa moja, na paneli inakuwa kama imeunganishwa na betri kwa waya mtupu. Betri inapokaribia kujaa, swichi inafunguka na kufungwa mara nyingi kwa sekunde ili kuupunguza mkondo. Ubaya wake ni kwamba vitu viwili vilivyounganishwa kwa waya lazima viwe na volti moja, na katika mvutano huo betri ndiyo inayoshinda. Paneli iliyotaka kufanya kazi kwenye volti 30 inaburutwa hadi volti 13 za betri. Ampia haziongezeki kufidia. Zinabaki 8 na kitu, kwa sababu ampia za paneli hutegemea zaidi ukali wa jua kuliko volti.

Ni kama kulipa bidhaa ya shilingi elfu tano kwa noti ya elfu kumi, kisha ukaondoka bila chenji. Volti 17 zilizozidi ndizo chenji. Haziunguzi kontrola wala haziharibu betri. Zinabaki kwenye paneli yenyewe kama joto.

MPPT huirudisha chenji hiyo. Ndani yake kuna koili ya waya wa shaba na saketi inayokata umeme wa paneli vipande vipande kwa kasi kubwa, inaupitisha kwenye koili, kisha inautoa upande wa pili ukiwa na volti chache na ampia nyingi. Wakati huohuo inaitafuta volti ambayo paneli inatoa wati nyingi kuliko zote kwa jua lililopo. Inafanya hivyo kwa kujaribu: inapandisha volti kidogo na kuangalia wati. Zikiongezeka inaendelea huko, zikipungua inarudi nyuma. Wingu likipita au paneli ikipata moto, inaanza kutafuta upya. Kwa kazi hiyo yote yenyewe hula sehemu ndogo tu, kwa kawaida kama asilimia 5 ya umeme unaopita.

Sasa tupige hesabu ya jirani yangu, tena kwa jua la Dar es Salaam, maana namba za kibandiko zimepimwa seli zikiwa na nyuzi 25 za sentigredi. Juu ya bati saa sita mchana seli hufika nyuzi 60 bila shida. Kila nyuzi moja inayozidi 25 hupunguza volti za kazi kwa takriban asilimia 0.4. Kwa hiyo 30.5 inashuka hadi 26 hivi, na paneli ya wati 250 inakuwa kama ya wati 215. Kontrola ya PWM, betri ikiwa na volti 13, inachukua ampia 8.5, yaani wati 110. MPPT inachukua zile 215, inakata asilimia 5 yake, na kuipa betri wati 204, ambazo kwa volti 13 ni karibu ampia 16.

Siku ya kawaida Dar ina jua linalolingana na saa 5 za jua kali, ukijumlisha asubuhi, adhuhuri na jioni. PWM itavuna wati-saa 550, na MPPT wati-saa 1,020. Tofauti ya 470 ni televisheni ya wati 50 ikiwaka zaidi ya saa 9. Kwa jirani yangu hilo ndilo lililokuwa likiizima saa tatu. Paneli kubwa za siku hizi za wati 550, zenye volti 41 au 42 za kazi, hali yake ni mbaya zaidi: ukizifunga kwa PWM kwenye betri ya volti 12 utapata wati 175 hivi na kupoteza zilizobaki.

Lakini asikudanganye mtu kwamba MPPT inaongeza hivyo kila mahali. Chukua paneli ndogo ya wati 100 yenye seli 36, ile iliyotengenezwa mahususi kwa betri ya volti 12. Volti zake za kazi ni 18. Juani kwenye bati zinashuka hadi 15.5, na wati zinakuwa 86. PWM kwenye betri ya volti 13 inavuna wati 75, MPPT inavuna 82. Kwa siku nzima ni 375 dhidi ya 410. Hizo 35 za ziada zitawasha taa ya wati 5 kwa saa 7 tu. Joto la pwani limekwisha kuila chenji kabla kontrola haijaigusa.

Hata hizo 35 hazipatikani kwa usawa siku nzima. Asubuhi betri ikiwa imeshuka hadi volti 12 baada ya usiku mrefu, PWM inapata wati 70 na MPPT inaizidi kwa 12. Alasiri betri ikifika volti 14.2, PWM inapata wati 81 na tofauti inatoweka. Betri ikijaa kabisa, kontrola zote mbili zinaubana mkondo, na ile ya bei kubwa haina cha kuongeza. Nyumba ambayo betri yake inajaa saa tano asubuhi kila siku haitaona faida yoyote ya MPPT, hata ikiwa ya hali ya juu kiasi gani.

Sasa ipeleke paneli hiyohiyo ya wati 100 Makete, kwenye baridi ya nyanda za juu, seli zikiwa na nyuzi 35 badala ya 60. Volti za kazi zinabaki zaidi ya 17 na wati 96. MPPT inavuna 91, PWM ileile 75. Hapo faida ni zaidi ya asilimia 20. Ile asilimia 30 inayoandikwa kwenye maboksi hutokea hali zikiwa hivi: paneli ya baridi, jua kali, na betri tupu. Si uongo, ila mnunuzi wa Tanga asiitegemee.

Kwa hiyo mwenye paneli moja au mbili za seli 36 huku pwani, ningemshauri abaki na PWM nzuri na pesa iliyobaki anunulie paneli nyingine. Wati 75 za paneli ya pili ni nyingi kuliko wati 7 za kontrola. Mwenye paneli ya seli 60 au zaidi na betri ya volti 12, MPPT italipa gharama yake. Ahakikishe tu kuwa ampia zake zinatosha. MPPT ya ampia 10 kwa paneli ya jirani yangu ingeishia wati 130 na kuzitupa nyingine, hivyo alihitaji ya 20. Na betri yake ya ampia-saa 100, ikiwa ya asidi na isiposhushwa chini ya nusu, inahifadhi wati-saa 600 tu za matumizi ya usiku. Mavuno yanayozidi hapo yatumike mchana, kuchaji simu au kuzungusha feni, la sivyo hayana pa kukaa.

Kuna kosa moja ambalo huua betri polepole na mara chache hushukiwa. Mtu anafunga betri mbili kupata volti 24, kisha anaweka paneli moja ya seli 60. Betri ya volti 24 inahitaji kufikishwa kama volti 28.8 ili ijae, na paneli hiyo ikipata moto volti zake za kazi ni 26. Mkondo unaanza kufifia kabla betri haijashiba. Taa zinawaka, kontrola inaonyesha inachaji, lakini wiki kwa wiki betri inajenga salfeti kwenye sahani zake na uwezo unapungua. MPPT za kawaida, ambazo hushusha volti tu, nazo haziokoi hapo. Paneli ziwe mbili zilizofungwa kwa mfululizo, ile mafundi wanaiita sirizi, au iwe moja ya seli 72.

Sokoni pia kuna kontrola zilizoandikwa MPPT ambazo ndani yake ni PWM. Wepesi ni dalili, maana koili ya shaba na bamba la kutolea joto vina uzito. Ila uthibitisho unatoka kwenye multimita. Chagua saa ya jua kali, betri ikiwa haijajaa, kisha pima volti kwenye vituo vya paneli na vya betri kontrola ikiwa inachaji. Zikiwa karibu sawa, mathalani 13.4 na 13.1, hiyo ni PWM bila kujali kilichoandikwa. Upande wa paneli ukisoma 26 na betri 13, ni MPPT. Ukiwa na mita ya kupima mkondo utaona ampia zinazoingia kwenye betri ni nyingi kuliko zinazotoka kwenye paneli, jambo ambalo PWM haiwezi kulifanya. Usipime betri ikiwa imejaa, kwa sababu swichi ya PWM ikifunguka volti za paneli hupanda na kukupa jibu la uongo.

Namba ya mwisho ya kusoma kwenye kibandiko ni Voc, volti za paneli isipobeba mzigo. Ya jirani yangu ni 37.5. Kontrola iliyoandikwa 75/15 inavumilia volti 75 upande wa paneli na kutoa ampia 15. Paneli mbili kama hiyo kwa mfululizo ni volti 75 kamili kwa nyuzi 25. Asubuhi ya baridi Makete, seli zikiwa na nyuzi 5, zinapita 79, na kontrola inaweza kuungua jua linapochomoza, kabla haijachaji chochote siku hiyo.