Mmoja Akiokoka, Mwenzake Akabaki

Kuokoka kwa mwanandoa mmoja baada ya miaka mingi ya ndoa huigusa nyumba nzima, hata kama mwenzake hajabadilika. Tanzania na Kenya jambo hili huwapata sana wanandoa waliokuwa Wakristo wa kawaida, wa kwenda ibada Krismasi, Pasaka na kwenye misiba. Mmoja huokoka, akaanza kuishi kwa maombi, naye hutamani mwenzake aokoke pia. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 ulifika hadi Uganda, Kenya na Tanganyika ukifundisha kutubu hadharani na kuachana na maisha ya zamani. Aliyeolewa au kuoa kabla ya kuokoka hukuta kwamba katika hayo maisha ya zamani mwenzake naye yumo.

Mwanzoni mambo huwa mazuri. Tuseme mke anauza vitenge, mumewe ni fundi umeme, na wameoana miaka 14. Mke anaokoka. Hasira zinapungua, ugomvi na mawifi unaisha, mume anafurahi. Ugumu unaingia imani ile inapoanza kutumia vitu vya wote wawili. Kila Ijumaa kuna mkesha mpaka alfajiri, na watoto wanabaki na baba. Faida ya duka ikiwa shilingi 300,000 kwa mwezi, fungu la kumi ni 30,000. Hiyo mume anaivumilia, mpaka ije sadaka ya ujenzi, nayo itoke kwenye fedha ya ada. Bia zake zinaondolewa kwenye friji bila kuulizwa. Kisha anasikia kwa jirani kwamba kwenye maombi ya akina mama anatajwa kwa jina kama mtu aliyefungwa na pepo la ulevi.

Hilo la mwisho ndilo linaloumiza kuliko yote. Fedha inaweza kupangwa upya, lakini mtu aliyegeuzwa hoja ya maombi mbele ya majirani huona mke wake amehamia upande wa watu wanaomhukumu. Wengi hujibu kwa kususa: wanachelewa kurudi, wanakunywa zaidi, wanaikejeli ibada mbele ya watoto. Mke naye huona ameteswa kwa ajili ya imani, anaongeza kufunga. Haifai kumdharau: kwake hofu ya mume kupotea milele ni ya kweli, na kunyamaza anaona ni kukosa upendo.

Maandiko anayoyashika yamelizungumzia jambo hili moja kwa moja. Katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura ya 7, Paulo anamwambia aliyeamini asimwache mwenzake asiyeamini ikiwa huyo anakubali kukaa naye. Sura hiyohiyo inakataza wanandoa kunyimana unyumba, isipokuwa kwa kupatana na kwa muda, ili wasali. Kwa hiyo mfungo unaomfukuza mume kitandani kwa majuma bila kumuuliza hauna msaada hapo. Waraka wa Kwanza wa Petro, sura ya 3, unasema mume asiyetii neno huvutwa na mwenendo wa mkewe pasipo maneno. Waislamu nao wana habari ya Salman aliyemkuta mke wa Abu Dardaa amejiachia kwa sababu mumewe alifunga mchana na kusali usiku. Akamwambia kwamba mke wake naye ana haki juu yake, na Mtume akaunga mkono kauli hiyo.

Mchungaji mzuri huanza na swali hilo la haki ya mwenzi, na hufanya vema kumwita mume wazungumze kabla ya kumwombea. Mapatano yanayodumu huwa ya vitu vidogo vinavyopimika: fungu la kumi litoke kwenye faida ya mke tu, ada ikishalipwa, mkesha uwe mmoja kwa mwezi, bia zisinywewe mbele ya watoto, jina la mume lisitajwe kwenye maombi ya kundi. Kwa watoto, baba anaweza kukubali waende kanisani na mama, lakini wasifundishwe kumwombea kama adui.

Mapatano yana mpaka wake. Mwenzi akitishwa, akipigwa, au watoto wakinyimwa hospitali kwa kuambiwa wangoje muujiza, suala limetoka kwenye ibada. Kwa Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, ukatili wa mwili au wa akili ni ushahidi kwamba ndoa imevunjika, lakini kuzidi kushika dini peke yake hakumo katika orodha hiyo. Kwa kawaida shauri hupitia kwanza baraza la usuluhishi wa ndoa, na hapo huulizwa mambo yaleyale: nani alitoa fedha gani, nani alilala wapi, na watoto walikula nini.